Mstari wa Mkaa Nyuma ya Kabati

Miaka ile ya mwisho ya ukoloni nilikuwa fundi wa makabati ya jikoni katika karakana moja ya Changamwe, na kiburi nilichokuwa nacho kingetosha mtaa mzima. Tulikuwa tukitengeneza majiko ya nyumba za wafanyakazi wa kampuni, na msimamizi wetu Mzungu alinifundisha kuyapanga bila kubahatisha. Makabati ya chini yalikuwa na vipimo vyake: upana wa inchi kumi na mbili, kumi na nane au ishirini na moja, kina cha ishirini na moja, kimo cha thelathini na sita pamoja na ubao wa juu. Kazi yako ilikuwa kuchagua masanduku yatakayoujaza ukuta barabara.

Nilichokipenda zaidi ni kuunda kwanza jiko dogo la katoni, inchi moja kwa kila futi ya nyumba. Ramani ya karatasi hudanganya, hasa penye pembe. Kwenye karatasi masanduku ya kuta mbili hukutana kwa amani. Kwenye katoni unaona droo ya huku ikigonga kishikio cha kule. Kwa hiyo tulikuwa tukiacha inchi ishirini na nne za pembe kwenye kila ukuta: ishirini na moja ni kina cha kabati la jirani, na tatu ni kipande cha kuziba ili droo zipate kufunguka. Ukishamaliza hapo ndipo unaandika orodha ya kukatia, kila kipande na kipimo chake, na namna vitakavyolala juu ya bamba la plaiwudi la futi nane kwa nne. Usisahau na unene wa msumeno, maana kila mkato hula kidogo.

Mama alikuwa akiishi Likoni, nyumba ya marehemu baba. Magoti yalikuwa yameanza kumkataa. Daktari alimwambia aache kupika kwa kuchutama, na yeye alisikia kama ameambiwa aache kupika kabisa. Kwa mama hilo lilikuwa sawa na kuzikwa. Arusi za mtaa ule haziliwi mpaka yeye auonje mchuzi. Nilimwahidi jiko la kusimama, kama yale ya Changamwe, ili aendelee kupika mpaka Mungu atakapomwita. Alinishika mkono akaubusu, mimi mwanawe, nikaona haya.

Nilikwenda siku ya Ijumaa na futi kamba. Ukuta mrefu ulikuwa inchi themanini na nne: pembe ishirini na nne, kisha sanduku la kumi na nane na mawili ya ishirini na moja. Ukuta mfupi ulikuwa sabini na mbili: pembe, kisha mawili ya kumi na nane na moja la kumi na mbili, la kusimamishia masinia. Yakaingia bila kubaki hata nusu inchi. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

"Mwanangu," mama akaita kutoka mlangoni.

"Labeka, mama."

"Ushamaliza kupima kuta. Nipime na mimi, basi."

Nikamwambia makabati hayapimwi kwa mtu, yana kimo chake kilichopangwa na wenye ujuzi.

"Wenye ujuzi hao wamepata kuniona mimi nilivyo mfupi? Na jiko langu la mafuta ya taa litakaa juu ya hilo kabati, au litakaa wapi?"

Akaokota kipande cha mkaa, akasimama wima, akakunja mkono kama aliyeshika mwiko, akapiga mstari ukutani. "Hapa. Kabati lisipite hapa."

Wiki iliyofuata nilimletea lile jiko la katoni. Aliligeuza huku na huku, akachungulia ndani kwa jicho moja. "Zuri, wallahi," akasema. "Na mimi niko wapi humu?"

Nikamjibu kwa mzaha kwamba yeye ataingia likishakuwa la kweli. Hakucheka. Akanikumbusha ule mstari, nami nikamaliza maneno kifundi: nikipunguza kimo, orodha yote itaharibika na mabamba yatapotea bure. Angejuaje kama ni kweli? Nilisema hivyo kwa sababu nilijua hawezi kujibu, na pia kwa sababu nilikuwa mvivu wa kuandika orodha mpya wakati ile ya karakana ilikuwa tayari mfukoni.

Nilikata mabamba manne Changamwe, nikaviandika vipande nambari kwa penseli, nikavivusha kwa feri kwenda Likoni. Kwa siku mbili jiko likasimama. Majirani walikuja kulitazama kama watu watazamao bibi arusi, na mama aliwapokea wote kwa adabu. Droo za pembeni zilifunguka bila kugusana. Ule mstari wa mkaa ulikuwa nyuma ya kabati, nami sikuukumbuka tena.

Nilipomtembelea tena nilimkuta amesimama juu ya kisanduku cha sabuni, mikono juu, anakoroga sufuria asiyoweza kuiona ndani. Nilimuuliza kama amelizoea jiko. Akasema, "Nimezoea, mwanangu, usiwe na wasiwasi." Alikuwa akinifichia aibu yangu, nami nikakubali kufichiwa. Kile kisanduku nilikiona kwa macho yangu mawili. Ningeweza kuyashusha makabati siku ile ile.

Miezi michache kabla ya uhuru alirudi nyuma hatua moja kuchukua chumvi, akasahau kwamba yuko juu ya kisanduku. Nyonga ikavunjika. Siku ya uhuru mtaa mzima ulipika pilau, na yeye alikuwa kitandani akimuuliza kila aliyepita mlangoni kama vitunguu vimeiva vizuri. Walimletea sahani. Akaonja, akasema imekolea, akairudisha. Hakupika tena, na hakuishi miaka mingi.

Tulipomaliza matanga dada yangu, aliyebaki na nyumba ile, aliniomba niyatoe yale makabati, maana hata yeye yalimchosha mabega. Nilivuta sanduku la kwanza, na mstari ukatokea ukutani, mweusi vile vile. Nikaupima. Inchi thelathini na moja kutoka sakafuni.

Nilikaa chini pale pale nikaandika orodha ambayo sikutaka kuiandika. Thelathini na moja, toa inchi moja ya ubao wa juu, mbavu za sanduku, zile mbao zake mbili za kushoto na kulia, zibaki thelathini. Kwa kimo cha karakana, mbavu zilikuwa thelathini na tano, kwa hiyo urefu wa bamba ulitoa mbili tu, na kwa kuwa upana wake huingia safu mbili, bamba zima nne. Masanduku sita yana mbavu kumi na mbili: mabamba matatu. Vipande vilivyobaki vilitosha sakafu za masanduku peke yake, na rafu zilitaka bamba la nne. Kwa thelathini, urefu wa bamba hutoa tatu, bamba zima sita. Mbavu zote zinaisha kwenye mabamba mawili. Nikazipanga sakafu zote sita na rafu tano, maana sanduku la masinia halina rafu, juu ya bamba la tatu, nikahesabu na unene wa msumeno, nikarudia, nikarudia tena. Zikaenea.

Mabamba matatu. Lile la nne nililikata ili mama yangu asimame juu ya kisanduku.