Mkurugenzi Aliyechagua Kunyamaza

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikipewa chenji naihesabu mbele ya muuzaji, na mtu akinisifu najiuliza anataka nini. Mama yangu alisema tabia hiyo itanikosesha mume. Miaka ile ya wakimbizi, hata hivyo, Kigoma nzima ilikuwa na tabia yangu. Pale kwenye kizuizi cha Mwandiga abiria walishushwa na kuulizwa jina la babu na kaburi lake lilipo, na aliyesita kidogo alikaa pembeni kusubiri. Watu walifika kwa maboti kutoka ng'ambo ya ziwa, wengine kwa miguu kutoka Burundi kupitia Manyovu, na sisi wenyeji tukaanza kuangaliana midomo, nani anatamkaje.

Wakati huo nilikuwa msaidizi wa katibu wa kampuni moja ya kusafirisha mizigo ziwani, yenye ofisi ghorofani, jirani na bandari. Katibu mwenyewe aliugua akaenda Dar es Salaam kutibiwa, na bodi ikanikaimisha. Mitihani ya ukatibu wa kampuni nilikuwa nimeimaliza: sheria ya makampuni, uhasibu, uendeshaji wa mikutano, na ule wa utawala ulionitoa jasho kuliko yote. Nilisoma kwa posta, vitabu vikifika kwa treni vimekunjamana. Lakini kufaulu karatasi hakutoshi. Ili uandikishwe kuwa katibu kamili, mkubwa wako kazini lazima athibitishe kwa saini kwamba kazi umeifanya na umeifanya kwa uadilifu. Mkubwa wangu sasa alikuwa mwenyekiti wa bodi.

Mwenyekiti alikuwa mzee wa Ujiji, mpole, mwenye kanzu isiyokunjamana hata kipande. Nilimshuku tangu mwanzo kwa sababu ya ule upole. Siku moja kabla ya kikao cha bodi aliniita, akafunga mlango, akanikaribisha chai. Kampuni ilikuwa inaomba kazi ya kupeleka chakula makambini, alisema, na mjini kulikuwa na maneno kwamba mmoja wa wakurugenzi wetu si raia.

Sikuuliza nani. Wakurugenzi walikuwa watano, na mwanamke, ambaye pia hakuna aliyejua kwao ni wapi, alikuwa mmoja tu: mama mwenye biashara ya dagaa pale Katonga, aliyeianzisha kampuni pamoja nao, kwa boti lake mwenyewe.

"Wewe ni Muha," mwenyekiti akaniambia. "Sisi wa Ujiji Kiha chenu hatukijui vizuri. Kesho msikilize anavyosema, halafu utuambie kama ni Kiha kweli."

Hakujua kwamba nilikuwa nimeshamsikiliza zamani. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na mgeni hawezi kuwatenganisha. Lakini mimi nilikulia Manyovu, mpakani kabisa. Mama yule alipokasirika na vibarua wake, maneno yake yalipanda sauti mahali ambapo yetu yanashuka. Nilijua alikotoka. Na nakiri sikumpenda; alikuwa na jicho kali na hakuwahi kuniitikia salamu kwa moyo.

Nilimjibu mwenyekiti kwa heshima zote nilizofundishwa. Nikamwambia, mzee, kazi ya katibu ni kuishauri bodi juu ya sheria na kuandika linaloamuliwa. Sheria haimuulizi mkurugenzi alizaliwa wapi, na katiba ya kampuni yetu nayo haimuulizi. Bodi haiwezi kumtoa. Wanaoweza ni wanahisa katika mkutano wao, kwa kura, baada ya taarifa maalumu iliyotolewa karibu mwezi mzima kabla. Yeye mwenyewe lazima apewe nakala, na ana haki ya kujieleza kwa maandishi na kusikilizwa mkutanoni. Kisha nikaongeza kwamba swali hili la masikio yangu likiulizwa kwenye kikao, nitaliandika katika muhtasari, pamoja na jina la aliyeuliza, na yeye kama mwenyekiti ndiye atakayeusaini.

Akanywa chai yake taratibu. "Na ile fomu yako ya uzoefu?" akauliza. "Bado hujaniletea."

Nilitoka pale na hofu, na hasira pia.

Kikaoni hakuuliza kitu. Baada ya siku chache akaleta, kama mwanahisa, taarifa ya hoja ya kumwondoa yule mama. Ilikuwa sahihi kisheria, na sikuwa na pa kuikataa. Nikaichukua nakala mwenyewe hadi Katonga. Nilimkuta kati ya vichanja vya dagaa, nikamwamkia, nikamweleza haki zake moja baada ya nyingine, pamoja na kwamba akileta maelezo mapema nitawapelekea wanahisa wote. Alikuwa akinitazama mdomo tu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi nilimfikia nimeishika kamba mkononi.

Maelezo yake aliyaleta jioni ya kuamkia mkutano, muda wa kuyasambaza umeshapita. Nilielewa kwa nini. Aliogopa ningeyabadilisha. Nikamwambia kwamba bado sheria inamruhusu kudai yasomwe mkutanoni. Akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake akidi ilitimia. Mwenyekiti, kwa sauti yake ile ya asali, akasema ni vema mama yetu asimame aongee mwenyewe, kwa lugha yoyote anayoipenda, hata Kiha, tumsikie. Wanahisa wakageuka wote. Mtego ulikuwa wazi kiasi kwamba niliona aibu kwa niaba ya chumba kizima. Mama hakuinuka. Aliyashika magoti yake kwa mikono miwili.

Nikasimama mimi. Nikasema kusikilizwa ni haki ya mkurugenzi, si amri juu yake. Akitaka atanyamaza, na maelezo yake yatasomwa. Nikayasoma. Yalikuwa mafupi: boti aliloleta, safari alizosimamia, mizigo ambayo haikupotea. Mwisho aliwaomba wampime kwa kazi. Hoja ilipopigiwa kura ikaanguka kwa tofauti ya mikono michache. Nikaandika.

Jumamosi yake kijana wa Katonga akaniletea nyumbani debe zima la dagaa wakavu, safi, wale wa bei. Hakukuwa na ujumbe. Nilikaa nalitazama. Mitihani yangu yote ilikuwa na jibu moja: katibu hapokei zawadi kwa mkurugenzi aliyemhudumia kwenye mgogoro. Nikalibeba kwa bodaboda hadi Katonga, nikaliweka mbele yake, nikamshukuru na kumwambia siwezi kulipokea.

Akawa wa rangi ya majivu. Akanisogelea, na kwa mara ya kwanza akanisemesha kwa lugha ile ya kwao, bila kuificha, kwa sauti ya chini: "Basi sema mwenyewe unataka kiasi gani."

Nikamjibu sitaki kitu. Nikarudia kwa Kiha, nikamwapia kwamba sikumwambia mtu na sitamwambia mtu. Kila nilivyozidi kuapa ndivyo alivyozidi kurudi nyuma. Mtu asiyekuwa na bei, katika miaka ile, alikuwa wa kuogopwa kuliko wote. Mimi ningekuwa yeye nisingemwamini mtu kama mimi.

Kabla mwezi haujaisha barua yake ya kujiuzulu ikafika ofisini. Hisa zake alimuuzia mwanahisa mwenzake, na boti lake likaonekana mara ya mwisho likielekea kusini. Mwenyekiti aliisoma barua mara mbili, akaniuliza kwa nini ameondoka ilhali alishinda. Nikamwambia barua haitaji sababu, na sheria haimlazimishi kuitaja.

Siku hiyohiyo aliitaka fomu yangu mwenyewe, akaisaini bila kuombwa. Mahali pa uadilifu aliandika kwamba sina mfano. Nikaikunja, nikaenda mezani kwangu kumfuta mama yule katika daftari la wakurugenzi na kujaza taarifa ya kwenda kwa msajili, kwamba ameacha nafasi yake kwa hiari.