Alama za Mkaa Nyuma ya Mlango

Mzee Dzombo wa Kakuyuni aliota mara moja tu, na kulipokucha akamwita mkaza mwanawe mwizi.

Alikuwa amemwona marehemu mkewe, Kadii, kisimani, mabega wazi, amempa mgongo. Koma, mzimu wa aliyekufa, akija ndotoni hana nguo, ana lake analodai. Hilo mzee alilijua tangu utoto.

"Zipporah, leso ya mama mkweo umeipeleka wapi?"

"Sijaipeleka popote, baba."

"Basi imetembea yenyewe!"

Majirani waliokuja kuteka maji walisikia. Zipporah akainama, akaendelea kufua. Tangu siku hiyo alimwandalia chakula na kumwamkia, lakini kukaa naye kupiga soga, hakukaa tena.

Habari zikamfikia Jedida, dada mkubwa wa mzee. Akamjia juu.

"Usiku mmoja tu, ushakuwa hakimu? Mtu amebisha hodi, hujamsikia alilojia! Kila ukiota, kabla hujanawa uso, kabla hujasema na mtu, tia alama. Ulichokiona, si unachodhani. Kisha ngoja miezi."

"Kuandika sijui, dada."

"Na mkaa huujui?"

Mzee akachora nyuma ya mlango. Mstari, Kadii. Kiduara, leso. Nukta, yeye mwenyewe. Akiamka na moyo mzito, msalaba chini yake. Usiku usio na ndoto aliuachia pengo. Mwezi ukiandama, safu mpya.

Miezi mitatu ya mwanzo hapakuwa na kiduara hata kimoja. Akasema moyoni, si nilisema imeibwa? Ila Jedida alikuwa amemwambia angoje, akangoja. Mwezi wa tano leso ikaonekana, imeanguka njiani. Mara ndoto ilikuwa kisimani, mara kwenye mihogo. Mahali palibadilika kila mara, akaacha kupafuata.

Mwezi wa tisa alifungua mlango jua likaingia, akapitisha kidole safu kwa safu. Kadii hakuwa amesogea. Leso ndiyo iliyohama, mwezi hata mwezi, mpaka ikamkalia mzee mwenyewe mikononi. Na misalaba ilizidi kila ilipomkaribia.

Akakaa kizingitini.

Alfajiri ya mwisho ya uhai wake, Kadii alikuwa amesema, "Nifunike, nasikia baridi." Leso alikuwa ameilalia mzee, ameifanya mto. Alimsikia. Akajifanya kalala. Siku ya maziko aliisukumia uchagani, juu ya jiko, isimtazame, kisha akajisahaulisha.

Akapanda, akaishusha imejaa masizi. Akangoja wateka maji wajae uani.

"Mwizi ni mimi," akasema. "Niliificha mwenyewe. Nisamehe, mwanangu."

"Nilijua iko uchagani, baba. Niliiona nikifagia, hata kabla hujaniuliza."

"Na ukanyamaza?"

"Ningekuumbuaje mbele ya watu?"

Mzee akamnyooshea leso. Zipporah akaipokea, akaitia kwenye beseni, akaanza kuifua.