Talaka moja tu imebaki: jinsi fundi cherehani nilivyofundishwa kulala chini nikipandwa na hasira

Wakuu, assalamu alaikum. Wasiosalimiwa hivyo, habari za saa hizi. Vijana, marahaba hata kama hamjaamkia.

Naandika kwa kidole kimoja na miwani yangu ina ufa, kwa hiyo mkiona herufi imeruka, vumilieni. Lakini habari yenyewe ni ya kweli na nimetia udhu kabla ya kuiandika. Utaona mbele udhu unaingiaje.

Humu nimeona nyuzi nyingi za vijana wanaoachana na wake zao kwa ujumbe wa simu. Nikasema ngoja na miye niseme yangu.

Ni Tanga, Ngamiani, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Mkonge umeshika mji, kila mtu anataka kanzu mpya, na miye fundi cherehani, kijana, barazani kwangu mwenyewe. Nyumba ya kupanga, lakini baraza yangu.

Mke wangu akiitwa Riziki, mtu wa Tongoni. Mcheshi, akicheka unamsikia mtaa wa pili.

Na miye nilikuwa na hasira, wakuu. Sikuwa na hasira za kupiga, la. Hasira zangu zilikuwa mdomoni, na mdomo wa mwanamume Muislamu una kitu kinaitwa talaka. Ukishaitamka, umeitamka.

Talaka ya kwanza nilitoa kwa sababu ya utepe wa kupimia. Nimeutafuta nyumba nzima, nimegombeza mpaka paka, kumbe nimeuvaa shingoni. Riziki akacheka. Nikamwacha.

Ndiyo, nilimwacha kwa kicheko. Chekeni tu.

Nikamfuata Tongoni eda haijaisha, nikasema mbele ya mashahidi wawili kwamba nimemrejea, tukarudi.

Ya pili ilikuwa ubishi. Shangazi yangu wa Moa alikuja Jumanne au Jumatano? Miye nasema Jumanne, yeye Jumatano. Mpaka leo sijui ilikuwa lini. Nikamwacha tena.

Nilipomfuata Tongoni safari hiyo, mkwe wangu hakunigombeza. Alinikaribisha, akanipa maji, nikamrejea mke wangu kama mwanzo. Wakati wa kuaga akaniambia taratibu: "Mwanangu, ukija mara ya tatu, njoo kama mgeni. Mke hutamkuta."

Kwa wasiojua: talaka mbili unaweza kurejea. Ya tatu ukiitoa, basi. Huna ruhusa ya kumrudia mpaka aolewe na mume mwingine, ndoa ya kweli ya kuishi pamoja, na huyo amwache kwa hiari yake au afe. Wala si jambo la kupanga njama.

Nikaanza kuogopa. Nilimpenda yule mwanamke, wakuu. Nilikuwa nauogopa mdomo wangu mwenyewe.

Nikaenda kwa Maalim Abdi, mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaa wetu. Msimdhanie mtu mpole mwenye tasbihi. Maalim Abdi alikuwa mkali, watoto wakisikia makubadhi yake wanakaa sawa kabla hajatokea.

Nilikwenda na hila yangu. Nikamwambia, "Maalim, zile talaka mbili nilitoa nikiwa na hasira. Si hazihesabiki?"

Akanitazama. "Kwani wewe umeona nani anamwacha mkewe huku anacheka?"

Akaendelea:

"Aliyekasirika mpaka akili ikamtoka, hajui alipo wala anachosema, huyo ana mazungumzo yake. Wewe, siku ile mkeo alivaa kanga gani?"

"Ya bluu, yenye maua."

"Basi akili ulikuwa nayo. Zimehesabiwa. Umebakiwa na moja."

Hila ikafia hapo. Nikamwomba anifundishe. Akasema, na hili alilisema kwa sauti ya chini: "Unaniuliza miye kwa sababu unadhani sina hasira. Ninazo kukushinda. Ndiyo maana dawa naijua."

Dawa yenyewe hii. Hasira ikianza, na mtu huijua inapoanza (yangu ilianzia masikioni, yanawaka moto), kwanza jikinge kwa Mwenyezi Mungu: audhu billahi mina shaitani rajim. Useme ukijua unasema nini, isiwe kama unatema mate.

Kisha nyamaza. Kabisa. Hata "mimi sijakasirika" usiseme, maana huo ndio mlango.

Ukiwa umesimama, kaa. Ikikataa kutoka, lala. Nikamuuliza kwa nini. Akasema aliyesimama yuko karibu na kutenda, anaweza kupiga, kusukuma, kutoka mbio. Aliyekaa yuko mbali kidogo. Aliyelala, mpaka ainuke, akili imeshamrudia.

Halafu tawadha. Hasira ni ya shetani, shetani ameumbwa kwa moto, na dawa ya moto ni maji.

Mwisho, kumbuka malipo ya anayejizuia. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliombwa nasaha na mtu, akamwambia usikasirike, yule akarudia kuomba, jibu likawa lile lile. Na akafundisha kwamba shujaa si wa kuangusha watu mieleka, shujaa ni wa kujizuia anapokasirika. Maalim akamalizia, "Wewe mieleka huwezi hata ukitaka, mikono kama sindano. Shika hii ya pili."

Nikaenda zangu kufanyia kazi. Tatizo likajitokeza siku ya kwanza.

Fundi cherehani anafanya kazi amekaa! Ile hatua ya kukaa nimeshaimaliza tangu asubuhi. Kwa hiyo mteja akiniudhi, kilichobaki ni kulala.

Nikawa nalala. Barazani, mchana kweupe, macho juu kwenye makuti. Mteja anasema mkono mmoja mfupi, miye huyo chini. Siku ya kwanza Sefu, muuza kahawa wa mtaani, alidhani nimekata roho, akaanza kuita watu. Siku ya tatu alikuwa amezoea, ananipita na kumwambia mwenzake, "Fundi kakasirika tena."

Wiki ya pili wakaanza kunichokoza makusudi! Sefu anakuja na kikombe chake, "Fundi, kanzu hii umeshona au umefunga gunia?" Halafu anarudi nyuma atazame. Nalala. Mtaa unashangilia. Nililala mpaka kanzu yangu mwenyewe ikawa na rangi ya sakafu.

Lakini ilifanya kazi, wakuu. Ukilala chini huku watu wanakutazama, huwezi kuendelea kukasirika muda mrefu. Unajiona.

Sasa ngoja nifike kwenyewe.

Ramadhani, siku mbili kabla ya Idi. Saa tisa alasiri, nimefunga, kazi imerundikana. Nimeitandika bafta, kitambaa cheupe cha kanzu ya Maalim Abdi mwenyewe, kanzu yake ya Idi. Nachukua mkasi.

Lazima mjue kwamba mkasi wa fundi haukati kitu kingine ila kitambaa. Hata karatasi haukati. Mkasi ule nilirithi kwa baba yangu, na nyumbani kwangu kuugusa ilikuwa kama kugusa simba.

Nikaukandamiza. Haukukata, ulitafuna. Bafta ikararuka kutoka begani mpaka kifuani. Nikaunusa mkasi.

Pweza!

Pweza mkavu, wakuu! Mgumu kama soli ya kiatu. Mtu amechukua mkasi wa baba yangu kakatia pweza wa futari, na skrubu imelegea.

Masikio yakawaka. Nikaingia uani na mkasi mkononi, Riziki anachochea moto. Akageuka, akaniona, na mwiko ukamdondoka. Alijua. Mwanamke aliyeachwa mara mbili anaujua ule uso.

Nikafungua kinywa. "Riziki, nime—"

Neno lilikuwa hapa, kwenye meno. Lilibaki kipande kidogo tu. Nikaona midomo yake inatetemeka, na huyu ni mtu wa kucheka.

Nikajikinga kwa Mungu. Nikafumba mdomo. Nikakaa pale pale nilipo, bila kutazama nyuma.

Nilikalia bakuli la tui.

Tui zito la futari, limeshakamuliwa, likanipanda mpaka mgongoni. Halafu Riziki, kwa woga aliokuwa nao, au kwa sababu hakuweza kujizuia, akacheka. Kicheko kile kile cha talaka ya kwanza!

Masikio yakawaka upya. Nimeshakaa. Kwa hiyo nikalala, kwenye majivu, na tui lote.

Nikainuka, nikaenda mtungini na kata ya kuchotea maji. Viganja. Mdomo, kidogo kidogo kwa kuwa nimefunga, maji yasishuke. Pua. Uso. Mikono mpaka viwikoni. Nikapaka maji kichwani, na masikioni nikakawia, maana ndiko ulikokuwa moto. Miguu nikaimaliza polepole. Nilipomaliza mguu wa kushoto, nilikuwa mtu mwingine. Nilikuwa na huzuni ya mkasi tu.

Nikauliza, kwa sauti ya kawaida, "Kwa nini hukutumia kisu?"

Riziki akajibu kwa upole, "Sikukiona, mume wangu. Nimekitafuta tangu asubuhi. Wewe ulikuwa na kazi nyingi, nikaogopa kukuuliza."

Nikarudi barazani. Nikainua ile bafta iliyoraruka. Chini yake, kisu cha jikoni. Nilikichukua miye alfajiri kufumulia mshono.

Nilikaa chini bila kufundishwa na mtu, wakuu. Ningemwacha mke wangu kwa kisu nilichokichukua mwenyewe. Nililia pale, na nilikuwa nimefunga, na Sefu alikuwa ananitazama, na safari hii hakunichokoza.

Nikaingia ndani nikamwomba radhi kwa hili, na kwa utepe, na kwa Jumatano. Hasa kwa kumfanya aogope kuniuliza kisu kiko wapi.

Ikabaki Maalim. Alikuja jioni kabla ya futari kujaribu kanzu. Nikamwonyesha ile bafta, nikamweleza yote, pweza na mengine.

Akaitazama. Uso ukamwiva. Midomo ikacheza, nikajua anajikinga. Akakaa kwenye ukingo wa baraza, kimya.

Halafu, wallahi, Maalim Abdi akalala chali barazani kwangu, kilemba na yote, na watoto wa chuo wanaona.

Nikalala pembeni yake kwa heshima.

Baadaye akasema, macho bado juu, "Haya. Huyo pweza amebaki?"

Akafuturu kwetu, bila tui. Idi alivaa kanzu ya mwaka uliopita.

Riziki alinifia miaka kadhaa nyuma, tukiwa wazee wawili. Nilimwosha mwenyewe kwa mikono hii, maana mume anaruhusiwa kumwosha mkewe. Nikamwanzia kwa udhu: viganja, mdomo, pua, uso. Nikaikumbuka siku ya mtungi. Kama ningelimalizia lile neno uani, siku ya kumwosha ningekuwa mtu baki, ningesimama nje na wageni kama mkwe wangu alivyoniambia.

Talaka yangu ya tatu bado ninayo. Sijaitumia.

Kwa hiyo vijana, hasira itakuja tu, hata Maalim ilimjia. Funzo ni kwamba ikija ikukute unajua pa kuipeleka. Weka simu chini, kaa, na ukikaa tazama kwanza unakalia nini.

Uwanja ni wenu. Semeni nanyi, yenu huanzia wapi? Yangu masikioni. Na aliyekaa leo na neno kwenye meno, asinijibu kwanza, aende akatawadhe. Nitamsubiri.