Cheti cha Kumi

Kaka yangu mpiga saksafoni haogopi ukumbi uliofurika, lakini barua ya ofisi ya kodi ilimtetemesha. Ilisema waandaaji wa shughuli alizopiga walimkata kodi na kutoa vyeti kumi vya makato hayo. Kwenye fomu ya mapato yeye alitaja shughuli tisa. Akaniletea vyeti ndani ya boksi la viatu. Mimi ndiye karani wa ukoo, punda asiye na mshahara!

Tisa vililingana na fomu yake mpaka senti ya mwisho. Cha kumi kilikuwa cha harusi. Harusi ya nani? Yake mwenyewe! Mwandaaji: kampuni ya baba mkwe wake.

“Nilipiga nyimbo mbili tu,” akalia. “Bahasha ya mzee nilidhani ni zawadi.”

Tukampigia mzee. “Mwanangu,” akasema, “kampuni yangu haimlipi mtu bila kukata kodi.”

Nikaandika jibu: malipo ya kumi yaongezwe kwenye mapato yakiwa kamili, na kodi iliyokwisha kukatwa ipunguzwe kwenye anayodaiwa.

Wifi yangu akalisoma mara mbili, akamgeukia mumewe.

“Kumbe siku ile ulikuwa kibaruani.”