Kopo la Kreatini Chini ya Kitanda Changu

Tulikuwa wanne tuliochanga kununua kreatini, unga wa kuongeza nguvu misulini: nahodha wetu, dada mrefu aliyecheza chini ya kikapu, rafiki yangu, na mimi. Timu yetu ya kikapu ya wanawake ilifanya mazoezi jioni kwenye uwanja wa saruji, si mbali na Igogo, ambako mimi na rafiki yangu tulipanga chumba kimoja. Tulikuwa tumekua pamoja Buhongwa. Tulisoma dawati moja, na tulipokuwa tukisafiri na timu tulilala kitanda kimoja bila hata kuulizana.

Kopo la kwanza tuliliweka stoo ya uwanjani, kila mtu akawa anajichotea. Lilikuwa la nusu kilo, na ndani yake mlikuwa na kijiko cha plastiki cha kupimia gramu tano. Gramu tano kwa siku, watu wanne: lilipaswa kutufikisha siku ya ishirini na tano. Siku ya kumi na sita tukawa tunakwangua chini.

Wala hapakuwa na mwizi. Ulikuwa ni uzembe wetu sote. Mmoja alijaza kijiko mpaka kikawa na kichuguu, mwingine akakitikisa kidogo tu. Tulitumbukiza mikono yenye jasho. Kijiko kilichokorogea maji ya chupa kilirudishwa kikiwa kimelowa, unga ukashika unyevu na kuganda mabonge. Siku moja nilimkuta dada mrefu anakilamba kabla ya kukirudisha, huku mafua yamembana, macho yamemvimba. Wiki ile ile nahodha naye akaanza kupiga chafya, halafu mimi. Siwezi kuapa kwamba yalitoka kwenye kopo, lakini hamu ya kuchota iliniisha.

"Wewe unafanya kazi duka la dawa," nahodha akaniambia tuliponunua kopo la pili. "Kaa nalo wewe. Tupimie."

Nilijisikia mtu mkubwa. Jirani yetu alikuwa sonara, mzee mpole mwenye mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," nikamweleza shida yangu. Alicheka, kisha akaniwekea kikaratasi juu ya mizani. Kijiko kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu kilitoa gramu tano, kasoro kidogo. Kile cha kichuguu kilikaribia nane. Hapo nikaelewa siku zetu tisa zilikwenda wapi.

Nikaweka utaratibu. Kopo likae chini ya kitanda changu, mahali pakavu. Kijiko kisilale ndani. Kioshwe, kikauke kabisa, kifungwe kwenye kifuko chake. Kila mtu alete kikopo chake kikavu chenye mfuniko, mimi nimpimie kwa mikono safi, aende akachanganye na maji kwenye chupa yake mwenyewe. Nilipima asubuhi kabla ya kwenda kazini, jioni nikavibeba vikopo uwanjani. Hata nahodha alipodai mwili wake mkubwa unahitaji zaidi, nilimgomea.

Ilipofika wiki ya pili, rafiki yangu akaanza kuharisha. Alisema ni dagaa aliokula sokoni. Nilimpikia uji mwepesi, nikamletea chumvi chumvi za kuongeza maji mwilini kutoka dukani, nikafua shuka zake. Alinishika mkono akasema, "Bila wewe sijui ningekuwa wapi." Nayakumbuka maneno hayo kuliko mengine yote.

Siku chache baadaye, uwanjani, dada mrefu alikunywa funda moja akasimama.

"Mbona tamu?"

Nahodha akaionja chupa yake. Kreatini haina utamu wowote. Inakwaruza tu ulimi kama vumbi la chaki. Alitema chini, akanigeukia.

"Umetuwekea nini humu?"

"Sijaweka kitu. Nimepima kama kila siku."

"Kopo linakaa kwa nani?"

Nikamwangalia rafiki yangu. Tulikuwa tunaishi chumba kimoja, alinijua, alikuwa ameniona nikikaza macho kwenye mgongo wa kisu kila asubuhi. Nilisubiri aseme neno moja tu. Alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu.

"Mimi sijui," akasema bila kuinua kichwa. "Kopo ni lake."

Nahodha alinivua jukumu hapo hapo, mbele ya timu nzima. Nilifanya mazoezi. Hakuna aliyenipasia mpira.

Nilitangulia nyumbani. Nilipovuta kopo kutoka chini ya kitanda, nikakuta sisimizi wamepanga mstari mpaka kwenye mfuniko. Wiki zote zile hawakuwahi kuligusa. Kreatini haina cha kuwavuta. Niliufuata mstari kwa macho. Ulipita ukutani, ukazunguka mguu wa kitanda cha rafiki yangu, ukaingia kwenye begi lake.

Sijawahi kufungua begi la mtu. Siku ile nilifungua. Mlikuwa na boksi la glukosi lililochanika, na chupa ya jamu iliyojaa kreatini yetu. Ndani ya ile chupa kilisimama kijiko chake cha chai chenye mpini wa bluu, kimelowa, unga umegandia pembeni.

Alinikuta nimekaa sakafuni na vitu vyote mbele yangu. Hakukana.

"Nimeitwa kufanyiwa majaribio na timu ya Dar," akasema. "Niliambiwa ukinywa gramu ishirini kwa siku misuli inajaa haraka. Ningekuambia ungenikatalia."

"Ningekuambia gramu tano zinakufikisha kule kule, ukivumilia wiki tatu au nne. Na hizo ishirini ulizokuwa unazibugia kwa mkupuo ndizo zilizokuharisha. Si dagaa."

Akajikalisha ukingoni mwa kitanda chake.

"Ningekupa hata sehemu yangu," nikasema. "Lakini kujazia glukosi, tunywe bila kujua! Kama mmoja wetu angekuwa na kisukari? Halafu ukaniacha nisimame pale peke yangu."

"Nitawaambia kesho," akasema. "Naapa."

Kesho yake aliongea kweli. Alisimama mbele ya nahodha akasema, "Tulikuwa tunachukua wote wawili. Tusameheni."

Wote wawili! Nilihisi masikio yanawaka. Nilikuwa nimekuja na ile chupa ya jamu kwenye mfuko, kwa sababu usiku sikuwa nimemwamini kikamilifu, na nilijichukia kwa kutomwamini. Niliitoa nikamkabidhi nahodha. Alichungulia ndani, akakitoa kile kijiko.

"Hiki tunakijua sote," akasema. "Kila siku unakorogea chai yako hapa. Cha mwenzako kiko wapi?"

Rafiki yangu alichukua begi lake akaondoka, mazoezi hayajaanza.

Nahodha aliniomba radhi mbele ya wale wale alionivunjia heshima mbele yao, nikakubali. Kopo tulilimwaga. Siku hizi kila mmoja ana lake na kijiko chake, na tukishindwa bei tunagawana kopo moja siku ile ile ya kununua: tunapima kwa sonara, wote tukiwa tumesimama pale, kila mtu anaondoka na fungu lake kavu.

Jumatatu niliporudi kutoka kazini nilikuta upande wake wa chumba mtupu. Godoro limeondoka, ndoo imeondoka. Jioni ukaingia ujumbe: "Samahani kwa usumbufu uliojitokeza." Ndivyo tunavyowaandikia wateja dawa ikiisha dukani. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu, nikitafuta kwenye maneno yale manne mtu niliyesoma naye dawati moja. Sikumpata. Sijamjibu mpaka leo.