Ndugu Yetu Aliyevuka Mto na Udhamini Wake

Baba alifanya kazi maisha yake yote kwenye mizani ya malori, na kazi hiyo ilimfundisha kutomwamini mtu yeyote anayesema mzigo wake ni mwepesi. Watoto wake tulikuwa miongoni mwa hao. Kabla hajafa alikwenda kwa wakili mjini Busia akaweka shamba letu la Malaba, lile lililopakana na barabara kuu, chini ya hati ya amana. Sisi watano tukawa wanufaika kwa mafungu sawa. Wadhamini wakawa watatu: kaka mkubwa, dada yetu anayefundisha shule huko Sigalame, na mimi ninayeuza vitenge Busia. Wadogo wetu wawili, dereva wa lori na kitinda mimba anayetoa mizigo forodhani, hawakupewa udhamini, na hilo waliliona kama tusi.

Wakili alitusomea hati polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mazishi. Wadhamini wanaweza kulima, kuzungushia ua na kukodisha. Mapato yatunze shamba kwanza, kinachobaki kigawanywe. Kuuza hakuna, mpaka wadhamini wote na wanufaika wote wakubali kwa maandishi. Pale penye makaburi hapauzwi kabisa.

"Kwa hivyo jina langu litakuwa kwenye title ya shamba?" kaka aliuliza.

"Majina yenu watatu, kama wadhamini," wakili akajibu. "Mnashika kwa niaba ya wote."

Kaka alisikia sehemu ya kwanza tu. Wiki hiyo hiyo alianza kuitwa mwenyekiti. Hati haikuwa na mwenyekiti, lakini alitengeneza muhuri.

Baadaye alioa mke wa pili ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, akahamia huko. Ukisimama kwenye mihogo yetu ulikuwa unaona bati la nyumba yake likimeta. Kutoka huko ndiko alikoanza kutawala. Siku moja nilifika shambani nikamkuta na bwana mmoja wa Nairobi, viatu vinang'aa, wakipima kwa hatua mahali pa kuegesha malori.

"Huyu ni mnunuzi," kaka alisema. "Mimi kama mwenyekiti nimeshakubali."

"Na sisi wengine?"

"Nyinyi mtaarifiwa."

Sikubishana. Nilimwambia yule bwana, kwa heshima zote, aende ofisi ya ardhi akaangalie rejista kwanza. Alikwenda. Huko alikuta kizuizi ambacho baba alikuwa amekiandikisha mapema: shamba hili lisihamishwe bila kibali cha wanufaika wote. Bwana yule hakurudi hata kuaga. Kaka alisema nimemfukuzia maendeleo.

Hapo ndipo sisi wanne tukaamua kaka atoke. Tulirudi kwa wakili, tukakaa kwenye benchi lake kama watu waliokuja kushtaki mwizi wa kuku.

"Hati inasema mdhamini anaweza kubadilishwa akifa, akijiuzulu kwa maandishi, akikataa kazi au akishindwa kuifanya," wakili alisema. "Au akikaa nje ya Kenya zaidi ya miezi kumi na miwili mfululizo. Hapo wadhamini waliobaki wanateua mwingine kwa hati."

Kitinda mimba akajipiga paja kwa furaha. "Basi imeisha! Anaishi Uganda mwaka wa pili sasa."

"Hajavuka kuja huku hata mara moja?"

Ikabidi tukiri. Kaka alikuwa anavuka kila siku ya soko. Alikuja kunyolewa, kwa sababu alisema vinyozi wa ng'ambo wanamzeesha. Alikuja kula samaki. Alikuja kugombana na mimi.

"Basi hajakaa nje mfululizo," wakili akasema. "Kila akirudi, hesabu inaanza upya."

"Na mahakamani je?" dada akauliza.

"Mahakama inaweza kumwondoa, mkithibitisha anahatarisha amana. Ni kesi ya ndugu, mama. Unajua zinavyokwenda."

Tulijua. Kwetu kuna koo zilizoanza kesi ya shamba zikiwa na ng'ombe, zikamaliza bila hata kamba ya kuwafungia.

Kwa hivyo tulichagua njia ya werevu, yaani njia ya kijinga. Tuliazimia kumfanya kaka asiwe na sababu ya kuvuka kwa mwaka mzima. Kitinda mimba alimtafutia kinyozi stadi huko huko ng'ambo. Dereva alijitolea kumpelekea samaki. Mimi niliacha kugombana naye, nikawa namwambia kwenye simu, "Pumzika kaka, kila kitu kiko sawa." Dada, mtu wa kanisa, alisema hatudanganyi, tunampenda tu kwa mbali.

Tulifika mbali kuliko tulivyotarajia. Kisha shangazi akafa.

Shangazi huyu ndiye aliyemlea kaka. Tulikaa jikoni kwangu, sisi wanne watu wazima wenye watoto, tukajadiliana kama tumfiche matanga. Naona aibu kuandika kwamba tulipiga kura, na kwamba kura ilipita. Dada peke yake alikataa, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake tulikuhesabu kuwa ndiyo.

Siku ya mazishi, padri akiwa katikati ya sala, tulisikia honi. Kaka alishuka kwenye bodaboda akiwa na suti nyeusi na spika kubwa aliyoikodi. Mtu wa ng'ambo aliyemsikia marehemu akitangazwa redioni alikuwa amempa pole barabarani. Alilia kwanza, kilio cha kweli, mpaka na mimi nikalia. Halafu akawasha spika, akahutubia waombolezaji kama mwenyekiti wa amana ya familia.

"Hesabu imeanza upya," kitinda mimba alininong'oneza.

Mwisho wake haukutokana na akili zetu. Kaka mwenyewe alipata wazo la kufungua yadi ya malori kwenye kipande cha mbele cha shamba. Alikwenda kwa wakili na muhuri wake ili ajikodishie.

Nilikuwepo. Wakili alivua miwani. "Mzee, mdhamini hawezi kukaa pande zote mbili za meza. Huwezi kuwa mwenye kukodisha na mpangaji kwa wakati mmoja."

"Lakini mimi ni mwenyekiti."

"Ndiyo shida yenyewe. Ukijiuzulu, na wanufaika wote wakielezwa kila kitu, wakakubali kwa sahihi, kwa kodi ya soko, hapo wadhamini wengine wanaweza kukukodishia. Bodi ya ardhi nayo itoe idhini."

Kaka aliwaza kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Kisha akaomba kalamu.

Tulisaini hati moja iliyomtoa yeye na kumwingiza kitinda mimba, tukapanga foleni ofisi ya ardhi kubadilisha majina, na idhini ya bodi ilipotoka tukamkodishia kaka kile kipande cha mbele. Mpangaji wetu mpya alianza vizuri. Sasa anavuka kila asubuhi, na kila asubuhi ana lalamiko: ua umeinama, maji yanatuama, wadhamini wa siku hizi hawajali watu.

Juzi alinikuta dukani nikimpimia mteja kitenge. "Hiki chombo chenu," alisema, "hakina uongozi."

Nilimvutia kiti, nikamwagizia chai. Kitinda mimba alipoingia, kaka alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, akamuuliza kwa upole wa kutisha, "Mdhamini, ua wangu mtausimamisha lini?"

Kitinda mimba akajibu kwamba suala hilo litaletwa kwenye kikao. Ameshaagiza muhuri.