Glasi Sita za Mama Dancun

Anyiko, ambaye Nyamira nzima humwita Mama Dancun, amechoka na posa za watu. Si kwamba anachukia mapenzi. Ana duka la vyombo na mablanketi karibu na stendi, na kila msimu wa sherehe mtu huingia, huzungusha macho kwenye rafu, kisha huuliza swali lile lile: nimealikwa posa, nipeleke nini? Amelijibu miaka kumi na tisa, tangu alipohamia hapa kutoka upande wa ziwani, na siku hizi hulijibu huku akisugua goti linalomsumbua.

Anayekuja na mia tano humpa glasi sita, au humshauri atafute mwenzake wachange, kwa sababu mia tano mbili hupata kitu kinachoshikika. Elfu moja na nusu ni chupa ya chai nzuri. Elfu tatu ni sufuria za seti. Wafanyakazi wa ofisi moja, kwake, wakikataa kuchanga wakanunua kila mtu chake, watapeleka chupa nane za chai, na wachumba watazigawa kabla mwaka haujaisha. Hamshauri mtu anunue nguo kwa ajili ya posa, maana saizi hukosewa. Wala hapendi zawadi ya mmoja tu, kwa kuwa walioalika ni wawili. Mwanamume asiyejua vyombo, bahasha inamtosha, na hakuna atakayemcheka.

Halafu kuna wale wasio na kitu. Hao huwajua kwa jinsi wanavyogusa bei kwa kidole na kurudisha mkono. Huwaambia kwa sauti ya kawaida, ili wengine dukani wasikie vizuri, kwamba posa ni ya vitu vidogo na vikubwa vinangoja harusi. Mtu hutoka na glasi zake akiwa amenyoosha shingo. Maneno hayo Bochaberi ameyasikia hadi anaweza kuyasema usingizini.

Bochaberi ndiye muuzaji wake. Alikuja akiwa na miaka kumi na minane, hajui hata kufunga sahani kwa gazeti, na sasa ni mwaka wa tisa. Ndiye huandika bei zote za duka kwa mkono wake. Mama Dancun ana wavulana watatu, wote wako mbali na hupiga simu wakikumbuka, kwa hiyo nikisema msichana huyu ndiye mtoto aliyebaki naye sitakuwa nimeongeza chumvi. Aliposema kwamba anaposwa na Abner Mokua, kijana wa Kiogoro, mama huyu alienda jikoni akalia, kisha akarudi akamwuliza kama huyo Abner anajua kuamka mapema.

Zawadi aliichagua siku hiyo hiyo. Jiko la gesi la meko manne, lenye oveni, kutoka kwa Ogada anayeuza kwa jumla Kisii. Alitoa nusu ya bei na kusema atamalizia kabla ya Jumapili ya sherehe. Bochaberi hakuambiwa, lakini hakuwa mjinga. Aliwadokezea wakwe zake kwamba mama wa duka atawashangaza.

Alhamisi, Bochaberi akiwa ameenda kushonewa gauni, aliingia Gladys, mama yake mzazi. Alikuwa ametoka Kenyenya asubuhi sana. Ni mjane, ana ndizi na kipande cha shamba la chai, na alikuwa ameshika elfu moja na mia mbili ndani ya leso. Moja kwa moja akashika blanketi, kwa sababu blanketi ni kubwa na likitandazwa mbele ya watu linaonekana. Lakini akaliachia mwenyewe kabla hajaambiwa. Kwa Abagusii, watu wa Kisii, mkwe wa kiume na mama wa mkewe wana heshima kali kati yao, na mambo ya kitanda hayapiti hapo kabisa.

"Kijana atajifunika blanketi langu vipi, Mama Dancun?" alisema kwa aibu.

Mama Dancun alimkalisha. Alimwambia mama mkwe akitembelea nyumba hukaribishwa kwa chai, kwa hiyo chupa ya chai na sinia ndiyo zawadi yake, na hakuna wa kumlaumu. Gladys alikubali, akataka ile ya bei nafuu iliyokuwa kwenye rafu. Hapo mwenye duka akakataa kumwuzia. Bei ile ilikuwa mwandiko wa Bochaberi; chupa hiyo angeijua hata ikifungwa kwa karatasi ya dhahabu, na angejua mama yake ametoa ngapi. Alimpigia Ogada, akaomba chupa na sinia za aina ambayo hapa Nyamira haipo, kwa bei ya jumla. Gladys akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Bochaberi asijue nimepata wapi. Wala shilingi ngapi. Nataka siku hiyo niwe mama yake."

Mama Dancun akaahidi. Aliketi pale hadi jioni akiwa na hasira, na sijui alimkasirikia nani. Aliijua sherehe itakavyokwenda. Msema-chochote, yule mwendesha sherehe, huchukua kipaza sauti na kusoma kila zawadi na jina la aliyeleta. Chupa ya chai ya mama mzazi, halafu jiko la mwajiri. Wanawake wangesahau chupa kabla sinia halijawekwa chini. Yeye aliyewakataza watu miaka yote wasiwapite wazazi siku ya posa, ndiye angempita huyu mjane uani kwake mwenyewe. Alimpigia Ogada tena. Jiko likae huko hadi Disemba, siku ya harusi.

Jumapili Kenyenya, chini ya hema, zawadi zilisomwa. Ilipofika ya Gladys, chupa ikainuliwa juu, shangazi wakapiga vigelegele, na yeye akainuka akacheza hatua mbili tatu akielekea kwa binti yake. Mama Dancun alifurahi kutoka moyoni. Kisha msomaji akasema: "Mama Dancun, mwenye duka la vyombo Nyamira." Watu wakanyoosha shingo. "Glasi sita."

Akageuza kadi kutazama kama kuna lililoandikwa nyuma. Mtu mmoja upande wa wakwe akacheka. Bochaberi alitazama chini kwenye mikunjo ya gauni lake, na Mama Dancun akaona masikio yake yamebadilika rangi.

Jumatatu msichana alifika kwa wakati, akafagia, akapanga sufuria nje. Saa nne akaeleza, kwa adabu yote, kwamba alikuwa amesema ataacha kazi Novemba, lakini afadhali aondoke mwisho wa mwezi huu.

Mama Dancun alitaka kumweleza. Maneno yalifika mdomoni, na nyuma yake akamwona Gladys na ile leso. Akatafuta yaliyobaki ambayo hayakumgusa mjane, akayapata machache tu.

"Mwanangu, yako nimeiweka. Posa ni ya vitu vidogo. Kikubwa kinangoja harusi."

Hata yeye aliisikia sauti yake ilivyokuwa. Angeweza kuongeza kwamba lipo jiko Kisii, limelipiwa nusu, lakini leo jiko hilo lingekuwa faini ya jana, na Bochaberi angeuliza kwa nini halikuja Jumapili.

Bochaberi alitabasamu, tabasamu lile la mtu anayemhurumia mwingine.

"Mama, mimi si mteja," alisema. "Hayo unawaambia wasio na pesa. Ungeniambia tu kama huna."

Akamrudishia funguo za stoo mkononi, akaenda kumhudumia mwanamke aliyekuwa akiulizia bei ya bakuli.